Umetuma pesa kwa tapeli? Piga 100, usimpigie yeye

Nafanya uwakala wa pesa za simu hapa Morogoro. Wengi wanaokuja kibandani wakiwa wametapeliwa hufika bado wako hewani na tapeli mwenyewe, mara wanamsihi, mara wanamtishia polisi. Kata hiyo simu. Akijua umeshtuka atakimbilia kwa wakala kutoa pesa, au ataihamishia kwenye laini nyingine, na ikishatoka kwenye akaunti yake hakuna tena cha kuzuia. Mwache aendelee kuamini kwamba hujajua.

Kama ulimtajia namba yako ya siri, ibadilishe kwanza. Kama hukuitaja, nenda moja kwa moja kwenye 100, namba ya huduma kwa wateja ya mitandao yetu hapa Tanzania. Weka simu kwenye spika, kwa sababu utahitaji kusoma meseji huku unaongea.

Juzi juzi alikuja mama mmoja, muuza vitenge, aliyekuwa anasubiri namba ya mwenye nyumba ili alipe kodi. Ikaingia meseji: “Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja la mke wangu.” Meseji za namna hii hurushwa kwa watu wengi ovyo, lakini yeye kweli alikuwa na hela ya kutuma. Akatuma 230,000. Alipompigia mwenye nyumba kumwambia tayari, mzee akashangaa.

Mama alipopiga 100, nilimwambia asiseme “nimekosea namba.” Watu hudhani maneno hayo yanaharakisha marejesho, kumbe yanalipeleka suala kwenye utaratibu mwingine, ambao mpokeaji anaweza kudai pesa ni halali yake. Sema wazi: nimetapeliwa, naomba mzuie pesa kwenye akaunti ya mpokeaji. Kisha taja kumbukumbu namba ya muamala, kiasi, na namba iliyopokea. Akaambiwa kwamba 150,000 imeshatolewa, ila 80,000 bado ipo na wameizuia. Hakurudishiwa papo hapo. Ilibidi suala lichunguzwe na apeleke RB ya polisi, ndipo hiyo 80,000 ikarudi. Ile nyingine hajaiona.

Yeye na tapeli walikuwa mtandao mmoja. Kama ulituma kwenda mtandao mwingine, anza na mtandao wako, maana ndiko muamala ulikoanzia, kisha tafuta laini ya mtandao wa mpokeaji upige nako. Ukipiga 100 unafika kwa wenye laini uliyoishika, hivyo kwa laini yako pekee hutawapata wale wa pili. Azima simu ya jirani. Hata mimi huwa natoa yangu kwa kazi hiyo. Na kama pesa ilitoka benki kwenda kwenye simu, benki yako nayo ipigiwe.

Kuhusu kuandika, tumia karatasi. Simu itakuwa inaongea, chaji inaweza kukata, na mtu aliyechanganyikiwa hufuta meseji kwa hasira. Nakili kumbukumbu namba herufi kwa herufi, kiasi, na jina lililotokea. Saa iandike kama meseji inavyosema: ikiwa ni 10:12 andika 10:12, usiigeuze kuwa saa nne, maana kwenye maelezo ya polisi saa nne na 4:00 huchanganywa na muamala hauonekani. Andika pia namba iliyokutumia meseji, kwa sababu mara nyingi siyo ile iliyopokea pesa, na zote mbili zinatakiwa. Kabla hujakata simu ya 100, omba namba ya malalamiko na jina la aliyekuhudumia. Bila hiyo namba, ukipiga tena utahadithia upya kwa mtu mwingine huku dakika zinakwenda. Ukimaliza, piga picha skrini yenye meseji zote.

Meseji ya tapeli itume kwenda 15040, pamoja na namba iliyoituma. Hiyo ni ya kuripoti ili laini ifungiwe, hairudishi pesa, kwa hiyo isitangulie 100. Kisha nenda kituo cha polisi siku hiyo hiyo na karatasi yako, ufungue RB. Usitegemee kampuni ikupe wewe taarifa za aliyesajili laini ile. Taarifa hizo hutolewa kwa polisi, na jina la usajili mara nyingine ni la mtu ambaye hata hajui laini hiyo ipo.

Baada ya hapo simu yako inaweza kulia. Mtu atajitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja, atataja kiasi ulichotuma bila kukosea, na ataomba namba ya siri “ili arudishe muamala.” Anajua kiasi kwa sababu ni yeye aliyekipokea, au mwenzake. Mfanyakazi wa kweli hahitaji namba yako ya siri. Kata, kisha piga 100 wewe mwenyewe na uwasomee namba ya malalamiko.