Lamu: Salamu Kwanza, Maziwa Baadaye

Asubuhi yangu ya kwanza Lamu niliingia dukani, nikaweka sarafu mezani na kusema, "Nipatie maziwa." Mwenye duka, mzee wa kofia nyeupe, aliacha alichokuwa akifanya, akanitazama, akajibu kwa upole kabisa: "Waaleikum salaam." Sikuwa nimemsalimu. Waliokuwa kwenye kibaraza cha nje wakacheka, nami nikachukua maziwa yangu na kuondoka nimeinama.

Nilikuwa nimetoka Nakuru, nimekuja kufundisha, na kwetu dukani mtu husema anachotaka akaenda zake. Nilikaa Lamu miaka miwili. Wageni wanaponiuliza wavae nini kule, huwaambia nguo tutafika, tuanze na mdomo.

Mji wa kale wa Lamu ni vichochoro. Vingine ni vyembamba hivi kwamba ukikutana na punda mwenye mzigo wa mchanga, mmoja wenu lazima ajibanze ukutani. Kwa hiyo hapiti mtu bila kuonekana, na kwenye baraza za mawe mbele ya milango wapo wazee tangu alasiri. Nilipokuwa mgeni niliwapita kimya, macho mbele, nikidhani hiyo ndiyo heshima ya mwanamke. Mwalimu mwenzangu, mwenyeji, akanieleza kwamba nimeshaanza kuitwa mwenye kiburi.

Utaratibu wenyewe ni rahisi, na umetoka kwenye adabu za Kiislamu: anayetembea humsalimu aliyekaa, wachache huwasalimu wengi, na mdogo humwanza mkubwa. Basi wewe unayepita ndiye mwenye deni. Hata wakiwa wazee sita, salamu moja inawatosha wote, na mmoja wao akiitika imetosha. Mwanamke hahitaji kusimama wala kuwakodolea macho. Anatoa salamu huku akienda, sauti ya kusikika, basi.

Wengi wasio Waislamu huniuliza kama wanaruhusiwa kusema "Asalaam aleikum". Mimi ni Mkristo na niliisema, sikuona aliyechukia. Ukisita, "sabalkheri" asubuhi na "masalkheri" jioni zinamfaa kila mtu, na mzee mpe "shikamoo". Kosa ni kuishia hapo. Baada ya salamu huja hali yako, watu wa nyumbani, watoto, na majibu yote ni mazuri hata kama usiku kucha hukulala kwa jino. Jino litatajwa baadaye, mkishakaa. Nilihesabu siku moja: maswali matano kabla ya kuulizia bei ya samaki. Siku niliyoruka manne, bei ilikuwa juu, ingawa siwezi kuapa kwamba ndiyo sababu.

Mkono nao una masharti yake. Mwanamke kwa mwanamke, peaneni. Kati ya mwanamume na mwanamke wasio ndugu, usitangulize mkono wako. Mwingine atakupa, mwingine ataweka kiganja kifuani na kuinamisha kichwa kidogo. Huyo hajakukataa, amekusalimu. Nawe fanya vivyo hivyo. Nimeona mgeni mmoja akiuacha mkono hewani mpaka ukamchoka.

Mlangoni ndipo nilipochelewa zaidi kuelewa. Milango mingi ya kule huwa wazi mchana ili hewa ipite, na mtu wa bara akiona mlango uko wazi huchungulia. Usichungulie. Nyumba ya zamani ya Lamu imejengwa makusudi ili macho ya mpita njia yasifike ndani. Mbele pana daka, ukumbi mdogo wenye viti vya mawe pande mbili, na wageni wa kiume wengi huishia hapo. Ukilipita daka, njia hupinda kabla ya kufika kiwandani, ua usio na paa. Vyumba vya familia viko nyuma ya ua huo, na kimojawapo huitwa ndani tu. Wanawake hukaa huko bila buibui, vichwa wazi, wakisukana nywele. Anayeingia bila ruhusa huwakuta hivyo, na hapo hata samahani haitoshi.

Simama kando ya mlango, si katikati, ubavu wako ukielekea nyumba. Piga hodi. Subiri. Piga ya pili, subiri, kisha ya tatu. Usipoitikiwa, ondoka bila kinyongo: pengine wanaswali, pengine hawataki mgeni saa hiyo, na hawana haja ya kukueleza. Ukiulizwa "Nani?" taja jina. Mimi nilijibu "Mimi!" kama tulivyozoea, na bibi mmoja akaniuliza kutoka ndani, "Huyo mimi hana ina?" Hicho ni Kiamu, Kiswahili cha Lamu: ina ni jina. Tangu siku hiyo nikawa napiga hodi na jina langu pamoja.

Ukisikia "Karibu", vua viatu unapoona vya wenzako vimevuliwa. Mwanamume akikuta wanawake peke yao, abaki dakani na aseme shida yake kutoka pale pale.

Sasa nguo. Hakuna aliyenitaka nivae buibui. Sketi ndefu au suruali pana, na blauzi inayofunika mabega na mikono hadi kwenye viwiko, ilinitosha kwa miaka yote miwili. Wanaume husahau kwamba kaptura inayoishia juu ya goti inawahusu pia. Afadhali suruali au kikoi. Nguo za kuogelea ni za ufukweni Shela, na hata huko ujifunge leso kabla hujashika njia ya kurudi mjini.

Leso ndiyo ninayomshauri kila mwanamke anunue akifika, pea moja. Kipande kimoja kiunoni, kingine begani, tayari kupanda kichwani ukifika kwa watu wazima au penye msiba. Ila usome maandishi kabla ya kulipa! Nilinunua yangu kwa rangi, nyekundu na nyeupe, nikaenda nayo kumtembelea jirani ambaye siku mbili kabla tulikwaruzana kidogo kuhusu maji ya kisima. Imeandikwa: "Hasidi hana sababu." Alinifungulia, macho yakashuka kwenye pindo, yakarudi usoni kwangu. "Umekuja kunisalimu au kunisema?" Nilijitetea kwamba sikuisoma. Mwalimu wa Kiswahili, asisome leso yake! Alicheka mpaka akakaa chini, lakini nilishamwona kwamba kwa sekunde mbili hakuwa anacheka.

Picha: omba kwanza, na ukikataliwa usiombe tena. Ijumaa mchana duka likifungwa, subiri swala iishe.

Ramadhani hakuna anayekulazimisha kufunga, lakini usile wala kunywa barabarani mchana, hata chupa ya maji uiweke mkobani. Nilikuwa nakunywa chai chumbani, dirisha limefungwa. Jua likizama, mtoto wa yule jirani wa kisima alinigongea mlango, hodi tatu, jina lake, na sahani ya sambusa na kaimati iliyofunikwa kitambaa. Nilikula, nikaiosha sahani, nikataka kumpa airudishe. Akakataa kuipokea. Alisimama tu, akiangalia sahani na kuniangalia mimi, mpaka nikaelewa kwamba sahani hairudi tupu. Nilikuwa na maembe mawili. Aliyabonyeza, akachagua lililoiva zaidi, akaniachia jingine.