Maelekezo ya video ya asali

"Nauza asali Arua. Nimempata dada wa TikTok wa Kampala atutengenezee video ya sekunde 30. Nimwandikie neno kwa neno?"

Hapana ndugu, atasikika kama anasoma tangazo la msiba. Sekunde 30 zinabeba maneno kama 60 tu, kwa hiyo mpe mambo matatu ya lazima: imetoka West Nile, bei ya chupa, namba ya kuagiza. Mengine aseme kwa mdomo wake, hata akichanganya Kiganda. Ila usimwache huru kabisa, mipaka iandike. Asidai inatibu kisukari wala vidonda vya tumbo, asionyeshe akimlisha mtoto wa chini ya mwaka mmoja, na aseme wazi kwamba amelipwa. Uione kabla hajaipandisha. Atarekebisha mara ngapi bila kuongezwa pesa? Hapo mpatane wenyewe.