Mfungwa wa Vita ni Nani, na Hurudi Kwao Lini?

Wakili, jeshini kuna wapiganaji, wapishi, madereva na madaktari. Wakikamatwa na adui, wote ni wafungwa wa vita? (Msomaji, Kasulu)

Karibu wote, ila madaktari wana hadhi yao ya pekee. Mkataba wa Tatu wa Geneva wa mwaka 1949, katika Ibara ya 4, unaanza na askari wa jeshi la nchi iliyo vitani, ambaye huwa mfungwa wa vita kwa sababu tu ni askari, awe alikutwa na bunduki au na mwiko wa jikoni. Wanafuata wanamgambo walio nje ya jeshi rasmi lakini wanaoipigania nchi hiyo, nao hutakiwa kuwa na kamanda anayewajibika kwa matendo yao, kuvaa alama ya kudumu inayotambulika kwa mbali, kubeba silaha waziwazi, na kufuata sheria za vita. Wamo pia raia wanaoandamana na jeshi kwa idhini yake, kama vile mwandishi wa habari za vita au mkandarasi wa chakula, ambao hupewa kitambulisho na jeshi wanalolifuata. Madaktari na wauguzi wa jeshi, pamoja na viongozi wa dini, hawahesabiwi kuwa wafungwa; wanaweza kuzuiliwa kwa ajili ya kuwahudumia wafungwa tu, na wakiwa huko wanastahili ulinzi usiopungua ule wa wafungwa wenyewe.

Hapa kwetu jambo hili lina historia yake. Jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki liliposalimu amri kule Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, Waingereza walipokea askari weusi zaidi ya 1,100 pamoja na umati wa wapagazi. Walishushwa hadi Kasanga, wakapandishwa meli kuja Kigoma, kisha wakapakiwa treni. Wajerumani waliendelea hadi Dar es Salaam, na askari wakawekwa kizuizini Tabora, ambako baadhi yao walifariki kwa ile homa kali ya mafua ya mwaka huo. Hadhi ya askari haikuwa na utata, lakini mpagazi aliyebeba masanduku ya risasi kwa miaka minne bila namba ya jeshi wala karatasi yoyote angekuwa na kazi ngumu ya kujieleza. Kwa sheria ya leo angeingia katika kundi la wanaoandamana na jeshi, na kukosa karatasi kusingetosha kumnyima haki yake.

Nasema hivyo kwa sababu ya Ibara ya 5. Mtu aliyeshiriki mapigano akikamatwa na pakawa na shaka kuhusu hadhi yake, hutunzwa kama mfungwa wa vita mpaka baraza lenye mamlaka liamue. Ofisa aliyemkamata hana ruhusa ya kukata shauri peke yake porini. Hata hivyo, askari anayekamatwa akipeleleza huku amevaa kiraia hupoteza hadhi hiyo, na kwa Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye mikataba ya Geneva, mamluki hana haki ya kuidai.

Sisi wa mwambao wa ziwa tunasikia habari za waasi wanaopigana na serikali ya nchi yao. Nao wakikamatwa ni wafungwa wa vita? (Msomaji, Ujiji)

Ikiwa vita ni kati ya serikali na waasi wa nchi hiyo hiyo, jibu ni hapana, na hapa ndipo watu wengi huteleza. Hadhi ya mfungwa wa vita huzaliwa na vita kati ya dola na dola. Maana yake kubwa ni kwamba askari aliyepigana kwa kufuata sheria hashitakiwi kwa kitendo cha kupigana: akimuua askari wa adui katika mapambano, hilo si kosa la mauaji. Serikali hazijawahi kukubali kumpa mwasi wa ndani kinga hiyo, hivyo mwasi anaweza kufikishwa mahakamani kwa uhaini au kwa kubeba silaha kinyume cha sheria za nchi yake.

Lakini kukosa hadhi si kukosa ulinzi. Ibara ya 3, ambayo imo katika mikataba yote minne ya Geneva, inakataza kumuua, kumtesa au kumdhalilisha mtu yeyote aliyeweka silaha chini au aliyekamatwa, na inakataza kumpa adhabu bila hukumu ya mahakama halali. Itifaki ya Pili ya mwaka 1977 inazihimiza serikali, vita vinapokwisha, zitoe msamaha mpana kadiri inavyowezekana kwa waliopigana. Ukiona nchi jirani imetuma majeshi yake kupigana na jeshi la serikali upande wa waasi, hesabu hubadilika, kwa kuwa mapigano kati ya majeshi hayo mawili ni vita vya dola na dola. Ndiyo maana katika uwanja mmoja wa vita wanaweza kukutwa mateka wawili, mmoja mwenye hadhi ya mfungwa wa vita na mwingine asiye nayo.

Shikamoo mzee. Vijana wananitumia kwenye simu video za askari waliotekwa wakiulizwa maswali mbele ya kamera. Inaruhusiwa? (Msomaji, Tabora mjini)

Marahaba. Hairuhusiwi. Ibara ya 13 inaamuru mfungwa alindwe dhidi ya vitisho, matusi na udadisi wa watu, na kinga hiyo ilitungwa kwa ajili ya mateka waliokuwa wakipitishwa mitaani ili wazomewe. Simu imefanya mtaa huo kuwa mrefu zaidi. Mateka anayejitaja jina na kuulaani uongozi wake mbele ya kamera anaweza kuiponza familia yake nyumbani, na hata yeye mwenyewe siku atakaporudi. Asemapo kwamba amekubali kurekodiwa, kumbuka kuwa Ibara ya 7 inasema mfungwa hawezi kuzikana haki zake, kwa kuwa aliye mikononi mwa adui hana uhuru wa kweli wa kukubali. Njia halali ya kuijulisha familia ni ile kadi ambayo mfungwa huruhusiwa kuijaza mara anapokamatwa, au kabla ya wiki moja kupita tangu afike kambini, ambayo nakala yake huenda kwa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu.

Akihojiwa akakataa kusema, anaweza kupigwa au kunyimwa chakula? (Msomaji, Urambo)

Hapana kwa yote mawili. Analazimika kutaja mambo manne tu: jina lake kamili, cheo, tarehe ya kuzaliwa na namba yake ya jeshi. Mengine anaweza kuulizwa, ila akikaa kimya haruhusiwi kuteswa, kutishwa wala kutukanwa. Akikataa hata kutaja cheo chake, hasara anayoweza kupata ni kupunguziwa heshima na nafuu za cheo hicho, si kupigwa.

Na akitoroka akakamatwa tena, anapigwa risasi? (Msomaji, Uvinza)

Mlinzi anaweza kumfyatulia risasi mfungwa anayetoroka, lakini hilo ni hatua ya mwisho kabisa, na lazima litanguliwe na onyo. Akishakamatwa tena, adhabu yake ni ya kinidhamu tu, na kifungo cha namna hiyo hakizidi siku 30. Wasomaji hushangaa kwa nini ni nyepesi hivyo. Ni kwa sababu mfungwa wa vita hajafanya kosa lolote kwa kukamatwa. Amezuiliwa ili asirudi vitani, na sheria inakubali kuwa askari mwaminifu atajaribu kurudi kwa wenzake. Kwa sababu hiyo hiyo hapaswi kuwekwa jela pamoja na wahalifu. Akifanikiwa kufika kwa jeshi lake, na baadaye akakamatwa tena katika mapigano mengine, haadhibiwi kabisa kwa ule utoro wa kwanza.

Vita vikiisha, nchi inaweza kuwashikilia wafungwa mpaka wenzao waachiwe upande wa pili? Na asiyetaka kurudi je? (Msomaji, Nzega)

Ibara ya 118 inasema wafungwa waachiliwe na kurudishwa kwao bila kukawia baada ya mapigano kukoma. Haisemi baada ya mkataba wa amani, na maneno hayo yaliwekwa kwa makusudi, kwa sababu mkataba unaweza kuchukua miaka. Wagonjwa na majeruhi mahututi hawangoji hata huko kukoma kwa mapigano. Hurudishwa vita vikiendelea, alimradi wao wenyewe wametaka, na hawaruhusiwi kurejeshwa katika utumishi wa kijeshi.

Mfano ninaouona una mafunzo zaidi ni wa Ethiopia na Eritrea. Vita vyao vilianza Mei 1998 kwa mgogoro wa mpaka huko Badme, mapigano yakakoma Juni 2000, na mkataba wa amani ukatiwa saini Algiers tarehe 12 Desemba mwaka huo. Urejeshaji ulianza mara moja, kisha ukasuasua katika mwaka 2001, Ethiopia ikidai kwanza ielezwe habari za askari wake waliopotea. Eritrea iliwaachia waliobaki mwishoni mwa Agosti 2002, na Ethiopia ikamaliza upande wake mwishoni mwa Novemba 2002. Baadhi ya wafungwa, basi, walikaa zaidi ya miaka miwili baada ya bunduki kunyamaza.

Nchi hizo zilikuwa zimekubaliana kuunda tume ya madai iliyokaa Hague, nayo ikatoa uamuzi kuhusu wafungwa tarehe 1 Julai 2003. Kuhusu urejeshaji, tume ilieleza kuwa maneno ya Ibara ya 118 hayaweki sharti kwamba upande mmoja usubiri mwingine, ingawa ni haki kutarajia mwenendo wa kila upande ulingane kwa kiasi na wa mwenzake. Kwa kipimo hicho hicho, Ethiopia haikuwa na kisingizio chochote baada ya Eritrea kuwaachia wote, na ikakutwa na hatia kwa kuchelewesha miezi ile ya mwisho. Eritrea nayo ilikutwa na hatia kwa kuwazuia wajumbe wa Msalaba Mwekundu wasiwatembelee wafungwa mpaka Agosti 2000. Lililonikaa moyoni mimi ni dogo zaidi: mateka walivuliwa viatu wakatembezwa pekupeku kwenye mawe na miiba wakati wa kutolewa mstari wa mbele, na tume ikalihesabu hilo kuwa ukiukaji wa sheria unaojitegemea. Anayejua njia za huko vijijini kwetu wakati wa kiangazi hahitaji kuelezwa sababu.

Ama asiyetaka kurudi, mkataba haukumtaja, kwa kuwa waliouandika walikuwa wakiwafikiria wafungwa waliokuwa wamezuiliwa miaka mingi baada ya mwaka 1945 wakilia kurudi makwao. Swali likazuka muda mfupi baadaye huko Korea, ambako maelfu ya wafungwa walikataa kurejeshwa. Mwaka 1953 walikabidhiwa kwa tume ya mataifa yasiyofungamana na upande wowote wa vita hivyo, iliyoongozwa na India. Siku hizi wajumbe wa Msalaba Mwekundu huzungumza na kila mfungwa faraghani, bila mlinzi kusikia, na kumuuliza kama anarudi kwa hiari yake. Anayehofia kwa sababu za msingi kwamba atateswa au kuuawa kwao halazimishwi kupanda ndege. Anayekabiliwa na kesi ya jinai anaweza kubakishwa hadi kesi na kifungo chake vimalizike, lakini majina ya wote waliobakishwa kwa sababu hiyo lazima yapelekwe kwa nchi yao.