Chrome ikigoma kufunguka usiifute, mimi niliifuta nikalia

Juzi usiku nimepata meseji ya dada mmoja wa chuo, msomaji wa siku nyingi hapa: "Kaka shikamoo, Chrome kwenye laptopu yangu nikiibonyeza inatokea nusu sekunde inapotea, jamaa wa hosteli anasema niifute niweke upya, nifanye hivyo?" Nikamjibu kwa herufi kubwa, USIFUTE, halafu nikampigia hapohapo maana hilo neno lina kidonda kwangu.

Mwaka 2021 nilikuwa na steshenari ndogo hapa Morogoro, kazi zetu mnazijua, maombi ya mkopo, maombi ya vyuo, kuprinti. Siku hiyo umeme ukakatika kompyuta ikiwa inachapa kazi, hatukuwa na UPS, uliporudi Chrome ikawa haifunguki kabisa. Mimi nikajifanya fundi. Nikaingia kwenye Settings, Apps, nikabonyeza Uninstall, kikatokea kiboksi kimeandikwa `Also delete your browsing data?` na mimi kwa kiherehere changu nikaweka tiki, nikidhani ndo nasafisha takataka. Nikaiweka upya, ikafunguka vizuri tu, nyeupe kama sahani iliyooshwa. Paswedi zote zimeenda. Akaunti za wateja ambazo sikutakiwa hata kuzitunza mle, zimeenda. Kuna mama alikuja na mwanae siku ya mwisho ya kurekebisha fomu, tukahangaika na paswedi mpaka saa 2 usiku, hakunitukana, aliniangalia tu. Mpaka leo nikikutana nae sokoni nabadili njia.

Basi turudi kwa dada. Nilimwambia kwanza abonyeze Ctrl+Shift+Esc aangalie kama kuna Google Chrome imebaki inajiendesha kimyakimya, kila anayoiona aibonyeze End task, maana mara nyingi Chrome ya zamani imekwama chini na inashikilia folda kwahiyo mpya ikija inajifunga. Kisha awashe upya kompyuta kwa Restart, sio Shut down. Watu wengi hawajui, kwenye Windows 10 na 11 Shut down mara nyingi inalaza sehemu ya mfumo tu ili iwake haraka, kesho unaamka na tatizo lilelile, ila Restart inaanza upya kabisa. Na aangalie nafasi kwenye diski C, ikijaa kabisa Chrome haina pa kuandika. Yeye alikuwa na nafasi, na Restart haikusaidia.

Hapo ndo watu wanapoanza kupapasa. Mimi nikamwambia kabla ya kugusa kitu chochote kingine tunanakili. Bonyeza kitufe cha Windows na R, bandika hii:

```
%LOCALAPPDATA%\Google\Chrome
```

Utaona folda inaitwa `User Data`. Hiyo ndo roho yako yote, ukipitia njia ya kawaida huioni kwa sababu folda ya AppData imefichwa. Hakikisha Chrome imefungwa, inakili yote ilivyo ipeleke kwenye diski nyingine au flashi. Ya kwake ilikuwa kama GB 3, ikachukua muda, akaanza kulalamika, nikamwambia vumilia. Sababu ya kunakili mapema ni kwamba zile kurasa ulizokuwa umezifungua zinakaa kwenye folda ya `Sessions` humo ndani, na kila Chrome ikifanikiwa kuwaka hata kidogo inaweza kuandika mpya juu ya zile za zamani. Ukijaribu mara kumi ndo unazidi kuzifuta mwenyewe.

Lakini msije mkadhani flashi inaokoa kila kitu. Paswedi zimefungwa kwa ufunguo unaotegemea akaunti yako ya Windows, ukiweka Windows upya au ukipeleka hilo folda kwenye laptopu ya rafiki, faili utaliona ila paswedi hazitafunguka. Kwahiyo fundi akikwambia "tupige Windows mpya", mwambie subiri kwanza.

Baada ya hapo ndo swali kubwa, mgonjwa ni programu au ni data? Windows na R tena:

```
chrome --user-data-dir=C:\jaribio
```

Hii inaiwasha Chrome ikiwa na folda tupu, data yako haiguswi hata kidogo. Ikigoma hata hapo basi tatizo ni programu yenyewe au antivairasi inaibana, hapo pakua Chrome upya uiweke juu ya ile iliyopo bila kuifuta ya kwanza, data inabaki. Ya dada ikafunguka. Alipiga kelele ya furaha nikamwambia tulia, bado, hii ni tupu, ila sasa tunajua kidonda kiko kwenye data.

Tukaifunga, tukajaribu `chrome --disable-extensions`, kwa sababu ekstensheni moja mbovu inatosha kuangusha nyumba nzima. Ingefunguka hapo tungejua mwizi ni ekstensheni mojawapo. Haikufunguka. Kumbe siku mbili kabla laptopu ilimzimikia chaji akiwa ameiwasha Chrome, hakuniambia mpaka saa hiyo, yaani ndo mambo ya wateja wangu haya.

Tukafungua `User Data` tukabadilisha jina la folda ya `Default` ikawa `Default-zamani`. Kubadilisha jina tu, hatufuti. (Kama una watumiaji zaidi ya mmoja kwenye Chrome folda lako linaweza kuwa `Profile 1`, angalia tarehe ya kuguswa mwisho.) Akaiwasha Chrome, ikajitengenezea `Default` mpya, akaifunga kabisa. Hapa kuwa makini, ukirudisha faili huku Chrome iko wazi, ikijifunga inaandika za kwake juu na umefanya kazi bure.

Tukaanza kurudisha kutoka `Default-zamani`, moja moja. `Bookmarks` kwanza, washa, iko sawa, funga. Kisha `Login Data`, washa, akaingia `chrome://password-manager/passwords`, paswedi zikatokea zote, za portal ya chuo na za barua pepe. Zilifunguka kwa sababu ufunguo wake uko kwenye faili la `Local State` nje ya `Default`, na hilo hatukuligusa. Kisha `History`. Tungeona inaanguka baada ya faili fulani tungejua ndo lilioza. Hatukurudisha `Preferences` wala folda ya `Extensions`, hayo ndo nilikuwa nayashuku, ekstensheni zake mbili akaziweka mwenyewe upya kwa dakika mbili.

Ilikuwa saa 5 na nusu usiku. Nakiri nilijisikia vizuri sana, kama nimemlipa yule mama deni. Na jamaa wa hosteli naomba kama unasoma hapa, mtu akikuletea kompyuta yake usianze na kufuta, muulize kwanza vitu vyake viko wapi. Nyie mnaosoma, kama umeingia kwa akaunti ya Google na umewasha kusawazisha basi `Bookmarks` na paswedi zitarudi zenyewe, ila dada hakuwa ameingia na wengi wenu najua hamjaingia, angalia leo.

Folda la `Default-zamani` bado lipo kwenye laptopu yake. Nimemwambia asiliguse mpaka mitihani iishe.