Landilodi akikutumia meseji uhame dukani, isome hivi kwanza

Tarehe 14 Mei usiku, nikipiga hesabu ya mauzo, Wasap ikaingia: "Habari mama. Naomba uniachie duka kufikia tarehe 31, nafasi naihitaji mimi mwenyewe." Mikono ilitetemeka jamani, manake duka ndo linalisha watoto, na karibu nianze kupakia mitumba yangu kwa magunia usiku huohuo.

Kesho yake binamu yangu aliyewahi kufukuzwa dukani kwake akaniambia soma tena polepole, angalia sababu, angalia siku, angalia anataka ufanye nini. Sababu ilikuwepo, anataka nafasi mwenyewe, na hiyo sheria ya Kenya ya maduka, Sura ya 301, inaikubali ila awe anapanga kuitumia kwa mwaka mmoja au zaidi. Lakini siku ndo zilikuwa shida. Mpangaji wa duka asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba wa maandishi usiozidi miaka 5, analindwa na sheria hiyo, na notisi haiwezi kuanza kufanya kazi kabla miezi 2 haijaisha tangu uipokee. Mimi nilipewa siku 17! Tena notisi yenyewe inafaa iwe kwa fomu maalum, Fomu A, sio mistari miwili ya Wasap.

Sasa usinyamaze eti kwa sababu meseji haina nguvu. Nilipiga skrinshoti yenye tarehe na namba yake ikionekana, nikamjibu kwa heshima: "Shikamoo mzee, nimepata ujumbe wako wa tarehe 14. Naomba notisi rasmi yenye sababu na miezi miwili. Kodi naendelea kulipa kama kawaida." Na kodi nililipa kweli, kwa Empesa siku ileile ya kila mwezi, kwa sababu ukidaiwa miezi 2 unampa sababu nyingine ya kukutoa na hiyo ina nguvu kuliko ile ya kwanza.

Tarehe 5 Juni akaleta Fomu A, inasema nitoke tarehe 1 Septemba. Hapo ndo watu wengi hulala. Ukishapokea una mwezi 1 wa kumjibu kwa maandishi kama unakubali au hukubali, na kama hukubali, unapeleka kesi kwa tribunali ya kodi za majengo ya biashara kabla ile tarehe ya kutoka haijafika, ukikaa kimya notisi inasimama vile ilivyo. Nilijibu tarehe 20 kwa barua kwamba sikubali, akasaini nakala yangu, kesi nikapeleka Julai. Kabla hatujasikizwa tukaelewana nitoke mwisho wa Novemba, tukaandika na kusaini wote wawili.

Kama ni nyumba ya kulala, Sura ya 301 haikuhusu, soma mkataba wako, na kama unalipa kwa mwezi bila mkataba basi notisi isipungue mwezi mmoja, na iishie siku ya kulipa kodi.