Nukuu ndefu ya Katiba haijengi hoja yako

Kazi yangu ni kupitia rasimu za wanafunzi wa vyuo kabla hazijafika kwa wasimamizi wao, na nyingi zinagusa haki za raia. Humo nakutana na aya ya aina moja mara kwa mara. Tuseme mwandishi anataka kuonyesha kwamba wanakijiji wana haki ya kusomewa mapato na matumizi ya mradi wao wa maji. Anaandika: “Wananchi wana haki ya kupata taarifa. Ibara ya 18 ya Katiba inasema:” kisha anabandika ibara nzima, kuanzia (a) hadi (d). Aya inayofuata inaanza na “Pia”.

Hilo “Pia” ndilo ninalolitafuta kwanza. Likija mara tu baada ya nukuu, ujue mwandishi ameondoka bila kusema nukuu ile imethibitisha nini. Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania ina mambo manne: uhuru wa maoni, haki ya kutafuta na kupokea habari, uhuru wa mawasiliano, na haki ya kupewa taarifa. Kutoingiliwa katika mawasiliano hakuhusiani na hesabu za mradi wa maji. Msomaji anaachiwa achambue mwenyewe kipi kinahusika, na akichagua tofauti na mwandishi, hoja imekwenda na maji.

Mimi humwambia mwandishi aifunike Katiba kwanza, aandike dai lake kwa sentensi moja ya kwake mwenyewe. Halafu aifungue na achukue maneno yale tu ambayo dai haliwezi kusimama bila hayo. Tulipofanya hivyo kwa aya ya namna hii, ilitoka hivi:

“Uongozi wa kijiji haupaswi kusubiri kuombwa hesabu. Ibara ya 18(d) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya 1977 inatamka kwamba kila mtu ‘anayo haki ya kupewa taarifa wakati wote’, ikiwemo kuhusu ‘masuala muhimu kwa jamii’. Haki ya kutafuta habari tayari imo katika aya (b). Kama (d) nayo ingekuwa ya kumtaka mwananchi akaulize, isingeongeza kitu. Kwa hiyo inamwelekea mwenye taarifa, naye ndiye anayepaswa kuitoa. Maji ya kijiji kizima, yanayolipiwa na wanakijiji wenyewe, ni suala muhimu kwa jamii.”

Unaweza kubishana na tafsiri hiyo, na mwanasheria huenda akabisha. Lakini sasa kuna kitu cha kubishania. Angalia pia kwamba maelezo baada ya nukuu ni marefu kuliko nukuu yenyewe. Kwangu huo ndio uwiano wa kawaida, na ukigeuka nauliza kwa nini.

Kiswahili kina mtego wake hapa, kwa sababu kitenzi hubeba mtendaji wake. Ukiandika kwamba wakazi “anayo haki ya kupewa taarifa”, sentensi imevunjika. Wengi hukimbilia mabano ya mraba, “[wanayo] haki”, na yanakubalika, lakini yakijaa ukurasa yanachosha macho. Njia nyepesi ni kuanza kunukuu baada ya kitenzi chenye mtendaji: wakazi wana haki ya “kupewa taarifa wakati wote”. Vivyo hivyo kwa vimilikishi kama “zake” na “yake”. Ishia kabla yake, au mwache “kila mtu” awe ndiye mtendaji wa sentensi yako. Na ukishaandika “kwamba”, nuktapacha haihitajiki tena. Isome sentensi kwa sauti: kama sikio halijui alama za nukuu zilipoanzia, umeiunga vizuri.

Kufupisha nako kuna mpaka. Ibara ya 14 inasema kila mtu “anayo haki ya kuishi na kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake, kwa mujibu wa sheria”. Nimeona ikikatwa kwenye “kuishi” katika makala kuhusu adhabu ya kifo, wakati maneno manne ya mwisho ndiyo ambayo upande wa pili utayashika. Ukiyaacha, atakayekujibu atayaleta yeye, na msomaji ataanza kutilia shaka nukuu zako nyingine zote. Yanukuu, kisha uyajibu.

Nukuu ndefu ina mahali pake. Mtindo wa APA, kwa mfano, huitenga kama aya ya peke yake ikifika maneno 40. Mimi huiruhusu pale umbo lote la maneno ndilo linalochunguzwa, mathalani ukilinganisha Ibara ya 18 ya sasa na ilivyokuwa kabla ya mabadiliko ya 2005. Hata hapo, mwambie msomaji kabla ya nukuu atazame nini, na sentensi ya kwanza baada yake ishike neno lililomo ndani.