Makofi ya mvua mstarini

"Niko zamu wiki ijayo, wanafunzi 600 mstarini asubuhi, wamepoa kweli. Niwachangamshe vipi kwa dakika moja au mbili bila paredi kuvurugika?"

Mwalimu mwenzangu, jaribu makofi ya mvua. Panda juu ya kiti, inua kidole kimoja: wote wagonge kiganja kwa kidole kimoja, yaani manyunyu. Hesabu kimoyomoyo hadi tano, inua viwili, kisha vitatu, vinne, halafu makofi kamili na kukanyaga palepale. Hapo masika yameshuka! Sasa punguza kidole kimoja kimoja hadi ngumi: kimya. Toa matangazo yako papo hapo, kabla minong'ono haijaanza.

Ongoza kwa mkono, si kwa sauti. Sauti hutumia kama sehemu ya kumi ya sekunde kufika mita 34. Mimi niliwahi kutumia filimbi. Nyuma wakachelewa, makofi yakagongana, darasa la kwanza wakaangua kicheko. Mkono wanauona wote kwa pamoja, ila jua likupige wewe usoni, si wao.

Siku za vumbi acha kukanyaga. Na michezo ya kushikana mabega usiguse: mmoja akisukumwa, mstari mzima unayumba.